Matege ya Mtoto: Lini Tungoje, na Lini Tumpeleke kwa Daktari

Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeombwa niseme juu ya watoto wadogo wenye matege, na wale ambao miguu yao hutazamana waendapo. Nimefanya kazi ya kuwapima watoto kliniki kwa miaka mingi, na ningependa kuwaeleza jambo moja kwa kirefu, nalo ni jinsi ya kulitambua tege lililo la ukuaji tu na lile lililo la ugonjwa. Aliye na tege la ukuaji huteswa bure kwa kufungwa na kuvutwa miguu, naye mwenye ugonjwa huambiwa “atanyooka tu” mpaka wakati wake unapita.

Kila mtoto huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo, kwa kuwa alikunjwa tumboni mwa mama yake. Hatuoni sana, maana hubebwa. Aanzapo kusimama, karibu na mwaka 1, ndipo bibi yake hushtuka. Tege hilo huendelea hata miezi 18 hivi, kisha huanza kunyooka, na afikapo miaka 2 miguu huwa imekaribia kunyooka. Lakini haikomi hapo. Baina ya miaka 3 na 4 miguu hupindukia upande wa pili: magoti hugongana na vifundo huachana. Wazazi hushtuka mara ya pili. Hayo nayo hupungua polepole, na kwa miaka 7 mtoto huwa na miguu atakayokuwa nayo ukubwani.

Basi kupima ni hivi. Mlaze mtoto chali, miguu imenyooshwa, pia za magoti zikitazama juu. Viunganishe vifundo vya miguu bila kuvilazimisha, kisha pima kwa futi ya fundi wa nguo nafasi iliyo baina ya magoti. Andika hesabu hiyo pamoja na tarehe. Baada ya miezi 3 pima tena vile vile.

Tuchukue mfano wa watoto wawili waliopimwa wakiwa na miezi 16, na kila mmoja nafasi yake ni sentimita 5. Kwa siku hiyo hakuna awezaye kuwatofautisha kwa futi. Wa kwanza, kwa miezi 19, ana sentimita 4; kwa miezi 22 ana 2; akiwa na miaka 2 na nusu magoti yake yanagusana. Huyo hana haja ya dawa. Wa pili, kwa miezi 19, ana 5 na nusu. Kwa miezi 22 ana 6. Na kwa miaka 2 amefika 7. Huyo alistahili kuonwa na daktari tangu kipimo cha tatu, kwa sababu alipaswa kupungua naye akaongezeka. Mwendo wa hesabu hutueleza zaidi kuliko hesabu moja. Hata hivyo, nafasi izidiyo sentimita 6 haifai kungojewa, wala mguu mmoja uliopinda kuliko mwenzake, hata kama nafasi ni ndogo.

Huyo wa pili aweza kuwa na moja ya magonjwa mawili. La kwanza ni ulaini wa mifupa, uitwao riketsi hospitalini. Mfupa hukosa kalsiamu, au hukosa vitamini D ambayo mwili huitengeneza kwa jua lipigalo ngozi. Watu wengi hustaajabu kwamba ugonjwa huu uko katika nchi yenye jua kama yetu. Lakini tazameni mitaa kama Pipeline huko Embakasi, ambako nyumba za orofa zimesongamana hata vyumba vya chini havipati mwanga, na mama aendaye kazini humwacha mtoto ndani na yaya mchana kutwa. Maziwa ya mama, pamoja na wema wake wote, yana vitamini D kidogo mno. Ukiongeza uji mtupu usio na maziwa wala omena, mifupa haina pa kupata. Dalili zake hazimo miguuni peke yake: vifundo vya mikono huvimba na kuwa vinene, mbavu huota vinundu mfano wa shanga zilizopangwa, utosi huchelewa kufunga, meno huchelewa, na mtoto huchelewa kutembea. Basi atazamaye tege, na atazame mikono pia.

Daktari atapiga eksirei ya kifundo cha mkono na ya goti, na kupima damu. Ikiwa ndivyo, atapewa vitamini D na kalsiamu kwa kipimo, na miguu ya mtoto mdogo mara nyingi hunyooka yenyewe kwa miezi kadhaa. Msinunue dawa hiyo dukani kwa kukisia, kwani vitamini D ikizidi hudhuru figo. Na msimkande wala kumvuta kwa nguvu, maana mfupa laini huweza kuvunjika.

La pili ni ugonjwa wa Blount, uliopewa jina la daktari Mmarekani aliyeueleza mwaka 1937. Hapa sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, upande wa ndani, huacha kukua sawasawa. Huwapata hasa watoto wanene waliowahi kutembea, nao huonekana zaidi kwa watoto weusi. Mtoto mnene atembeaye upesi husifiwa katika kila nyumba, ndiyo maana hucheleweshwa. Mtazame akitembea: kila akanyagapo, goti husukumika nje ghafula. Kabla ya miaka 2 hata eksirei haiutambui vyema, lakini upasuaji wa kuunyoosha mfupa hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya miaka 4. Muda tulio nao, basi, ni kama miaka 2 tu.

Juu ya miguu itazamanayo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mara nyingi ni jambo jepesi. Mtazame mtoto kutoka mbele. Pia za magoti zikitazama mbele nayo miguu ikaelekea ndani, muundi ndio uliojizungusha, na hujirudisha kufikia miaka 4 au 5. Pia za magoti zenyewe zikitazamana, ni paja, na hilo huchukua hata miaka 8 au 10. Viatu vya gharama vinavyouzwa kwa ajili hiyo havibadili chochote. Ila mtoto mchanga ambaye unyayo wake umepinda ndani na kuelekea chini, mgumu usiorudi ukiusukuma kwa kidole, apelekwe katika majuma ya kwanza. Huyo hufungwa plasta inayobadilishwa kila juma, kisha huvaa viatu vyenye kipande cha chuma kwa miaka kadhaa, hasa usiku, nao wengi hupona wakatembea vizuri.

Wazee wengine wameniuliza kama kumbeba mtoto mgongoni huleta matege. La, hakuleti, nyonga hupata hata nafuu kwa kukaa hivyo. Kwa mtoto anayechechemea, au mwenye maumivu, au mwenye homa na kukataa kukanyaga chini, msipime chochote: mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wengine, chukueni kijitabu chake cha kliniki na zile hesabu mlizoziandika, kwani daktari atakayemwona mara ya kwanza hana njia nyingine ya kujua mguu ulikuwaje miezi 6 iliyopita.