Anwani Si Barua

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo hufanyika kila siku maofisini na mitaani. Mtu anatumiwa kiungo cha ukurasa wa mtandao, au linki kama wengi wetu tunavyosema. Hana nafasi ya kusoma. Anakibandika kwenye programu ya akili mnemba na kuandika chini yake: "Nifupishie." Punde anapata aya tatu safi, anazituma kwa wenzake, na kazi imekwisha.

Swali langu ni moja tu. Ukurasa ule umesomwa na nani?

Kiungo ni anwani, si barua. Ili barua isomwe, ni lazima programu itoke, ipige hodi kwenye kompyuta inayotunza tovuti ile, na ikabidhiwe maandishi. Programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, haikuwa na njia ya kutoka. Hata hivyo watu waliibandikia viungo, na mara nyingi walipewa muhtasari. Muhtasari huo ulitoka wapi? Ulitoka kwenye maneno ya anwani yenyewe. Tazama mfano huu niliotunga:

```
https://www.example.org/matangazo/kodi-mpya-ya-vibanda-sokoni
```

Mtu yeyote anayejua Kiswahili anaweza kukisia habari iliyomo. Kuna kodi, ni mpya, na inahusu vibanda. Programu hizi zimefundishwa kuendeleza maandishi kwa namna inayoelekea kuwa sahihi. Kwa hiyo nayo hukisia, kisha huongeza viwango, tarehe na sababu, kama matangazo ya aina hiyo yalivyo kwa kawaida.

Hapo ndipo madhara yanapoanza. Katibu mmoja wa wafanyabiashara wa sokoni alinionyesha muhtasari wa namna hiyo. Ulisema wenye vibanda wote wamepewa siku 30 kulipa kodi mpya. Tulipolifungua tangazo lenyewe, tulikuta siku ni 14, na wanaohusika ni wauza vyakula vilivyopikwa peke yao. Neno kodi lilikuwa sahihi, neno vibanda lilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kile kile ambacho mama ntilie alihitaji kukijua: ni nani analipa, na mwisho ni lini.

Utasema, hayo ni ya zamani, siku hizi programu nyingi zinaingia mtandaoni. Ni kweli, lakini kuingia mtandaoni si kufunguliwa kila mlango. Ukurasa unaodai nywila hauwezi kufunguliwa na asiye nayo. Gazeti linalosomwa kwa kulipia mara nyingi huonyesha mwanzo wa habari tu. Tovuti nyingine hufukuza programu za namna hii kwa makusudi. Na matangazo mengi ya ofisi zetu ni karatasi iliyopigwa picha; mlango unafunguka, lakini ndani kuna picha badala ya maandishi, na si kila programu inaweza kuisoma. Wakati mwingine programu ikikwama hutafuta ukurasa mwingine unaofanana, ikafupisha huo.

Basi utajuaje? Kuna jaribio rahisi. Chukua kiungo kile kile ubadili maneno ya mwisho, yasomeke hivi:

```
kodi-ya-vibanda-yafutwa
```

Hakuna ukurasa wa jina hilo. Aliyetoka kweli kuutafuta atarudi na kusema haupo. Aliyekaa nyumbani huenda akakueleza kwa ufasaha jinsi kodi ilivyofutwa na wafanyabiashara walivyoshangilia. Njia ya pili ni kudai sentensi tatu za ukurasa neno kwa neno, kisha uzitafute wewe mwenyewe ndani yake. Usipoziona, muhtasari huo haufai.

Dawa yenyewe ni nyepesi. Fungua ukurasa mwenyewe, nakili maandishi, uyabandike hayo badala ya anwani. Kama ni faili, lipakue ulipeleke lote. Kama ni picha, hakikisha kwanza kwamba maneno yake yanasomeka. Muhtasari ukija, linganisha kila tarehe, kila kiasi cha fedha na kila jina na maandishi yale.

Na programu ikikujibu kwamba imeshindwa kufungua kiungo na inaomba maandishi, usiikasirikie wala usiilazimishe ijaribu tena na tena mpaka itoe chochote. Jibu hilo ndilo la kweli. Tarishi anayerudi na kusema mlango ulifungwa amekufaa kuliko yule anayekusomea barua ambayo hakupewa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.