Bima ya Afya: Maneno kwa Wagonjwa Wanaongoja Zahanatini

Hotuba ya Katibu wa Chama



Bwana Daktari ameniruhusu kusema nanyi mnapongoja zamu zenu. Mimi si mganga. Ni katibu wa chama cha wauza maziwa, na kazi yangu ni hesabu. Nimeona wanachama wakipata hasara kwa kudhani kwamba kuandikishwa katika bima na kuilipia ni kitu kimoja.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya zamani ya taifa ilikoma hapa Kenya, na mahali pake pakashikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote twaiita SHA. Kujiandikisha hakuna malipo: wabonyeza *147# katika simu, ukiwa na kitambulisho chako mkononi. Mtu akiisha kuandikishwa, matibabu ya zahanati hii ya Serikali ni bure kwake, maana Serikali huyalipia kutoka mfuko mwingine. Na hapo ndipo kosa linapozaliwa. Mtu huja hapa mara tatu, akatibiwa asitoe senti, akarudi nyumbani akisema bima yake yafanya kazi. Bima yake haijaanza. Siku ya kulazwa katika hospitali kubwa hulipa mfuko wa michango, nao haumlipii asiyechanga.

Mchango ni shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 za mapato, wala haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mshahara hukatwa na tajiri wake kila mwezi. Mkulima hana hati ya mshahara, kwa hiyo huulizwa maswali juu ya nyumba, paa, maji, choo na mifugo, na majibu yake ndiyo yanayomkadiria. Basi jibuni kweli, wala msimwache kijana mwenye simu awajibie kwa kukisia. Anayeona amekadiriwa kupita kiasi aweza kuomba akadiriwe tena.

Sasa sikilizeni habari ya mwanachama wetu mmoja. Alikadiriwa shilingi 500 kwa mwezi. Alituma 500, akatulia, akidhani amelipa kama mwenye mshahara alipavyo. Lakini mkulima hudaiwa mwaka mzima kwa mara moja, yaani shilingi 6,000. Mkewe alipopasuliwa ili azae, karani wa hospitali alitazama chombo chake akaona jina limo, mchango haujatimia. Kiasi kilichowekwa mwaka 2024 kwa uzazi wa kupasuliwa kilikuwa shilingi 30,000, na kwa uzazi wa kawaida 10,000. Yule bwana aliuza mtamba. Ndiyo sababu chama chetu sasa huweka akiba kidogo kidogo kutoka malipo ya maziwa kila mwezi, kisha kulipa mwaka mzima kwa jina la mwanachama. (Mwenye ng'ombe mmoja hulalamika, nami simlaumu, ila mtamba huuzwa mara moja tu.)

Mchango mmoja hufunika mume, mke na watoto, mradi wote wameandikwa. Mke ajiandikishe kwa kitambulisho chake, naye mtoto aingizwe kwa cheti cha kuzaliwa. Bima hulipia kulazwa, uzazi, upasuaji na magonjwa mengine makubwa, lakini kila jambo lina kikomo chake. Hospitali ya watu binafsi ikidai zaidi ya kikomo, kilichozidi ni chako. Ulizeni mapema, kabla ya kupanda kitandani: "Nitaongeza kiasi gani?"

Na madai je? Wengi huniletea stakabadhi wakitaka warudishiwe fedha. Mfuko haukulipi wewe. Huilipa hospitali, nayo hospitali ndiyo inayopeleka dai. Kazi yako ni kuonyesha kitambulisho unapofika, si unapotoka, na kuweka kidole juu ya chombo ili ijulikane kuwa ni wewe. Kwa upasuaji usio wa dharura, hospitali huomba idhini kwanza. Uliza kama idhini imepatikana kabla ya siku yenyewe. Unapotoka, soma karatasi kabla ya kutia sahihi au kidole. Ikiwa umelala siku mbili na imeandikwa tano, kataa. Na mtu akikuomba kidole wakati hukutibiwa, hata akikupa soda, mkono wako ubaki mfukoni, kwa sababu dai hilo la uongo litaandikwa kwa jina lako.

Naona muuguzi ameanza kuita majina. Nitaketi karibu na dirisha la dawa hadi saa saba. Aliyekuja na kitambulisho chake na aje, tutazame pamoja kama mchango wake umetimia.