Viatu vya masomo: kwanza mshono, kisha ngozi, kisha mguu wa mtoto
(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Nyangwe, kabla ya kufungua masomo)

Mama zetu, papa zetu, ndugu wote mliorudi toka Tanzania, toka Kalemie na toka vile vijiji tulivyokimbilia, leo hatutaongea mambo mengi. Tutaongea viatu tu, juu kuna deni tuko nalo kwenu.

Mwaka uliopita tulichukua feza za kisanduku tukanunulia watoto wa wanachama viatu 24. Tulichagua vile vya bei ndogo ili kila nyumba ipate. Vilikuwa vyeusi, vinang'aa, na pembeni ya soli kulikuwa mistari ya uzi mweupe. Wote tulifurahi. Mwezi wa kumi haujaisha, soli zilianza kufunguka kwenye vidole kama mdomo wa mamba. Kufika Noeli, viatu tano tu ndivyo vilikuwa vizima. Watoto wengine walirudi kwenye kambambili, na msichana mmoja aliyechekwa kalasini alikaa nyumbani wiki tatu nzima. Kosa ni letu sisi tuliotumwa soko. Tuliangalia rangi, hatukuangalia kiatu.

Tufanye hesabu kidogo pamoja. Mtoto anayekaa mbali anatembea kilometa 6 kwenda na 6 kurudi. Hiyo ni 12 kwa siku, na 60 kwa siku tano za wiki. Toka mwanzo wa mwezi wa tisa mpaka Noeli iko wiki karibu 15. Atakuwa ametembea kilometa 900, juu ya changarawe nyekundu, na huo ndio wakati wa mvua. Kiatu kilichotengenezwa kwa mtoto wa mjini anayeshuka kwenye gari hakiwezi ile kazi. Kwa hiyo tulienda kukaa na fundi wa viatu, tukapasua vile viatu vibovu mbele yake, atuonyeshe vilikufia wapi.

Jambo la kwanza alilotuonyesha ni mshono. Ule uzi mweupe tuliouona haukuwa uzi. Ilikuwa alama iliyotoka pamoja na mpira kwenye kalibu, na soli yenyewe ilishikwa na gundi tu. Gundi inashika vizuri kwenye sakafu kavu. Lakini kila hatua inakunja kiatu pale nyuma ya vidole, maji yanaingia kidogo kidogo, vumbi linafuata, na gundi inaachia kuanzia mbele. Kiatu kilichoshonwa, hata gundi ikiachia, uzi unaendelea kushika soli mpaka mpate siku ya kukipeleka kwa fundi.

Namna ya kujua iko rahisi. Mupitishe ukucha juu ya ule mstari. Uzi wa kweli unashika ukucha, unaona nyuzi zake zimesokotwa, na kila mshono unaingia kwenye tundu. Mstari wa uongo ni laini, wote sawasawa, hauna tundu. Kisha muingize mkono ndani ya kiatu, muinue ile soli nyembamba ya ndani kama inainuka. Kwa viatu vingi vilivyoshonwa, mutaona au mutagusa mstari wa uzi ukizunguka ndani. Kama hakuna kitu ndani, muangalie nje: kuna viatu vizuri ambavyo vinashonwa kwenye ukingo wa soli unaotokeza pembeni, na uzi wake unaonekana juu ya ukingo na chini ya soli pia. Kama hauonekani ndani, wala chini, hicho ni kiatu cha gundi, muuzaji aseme anavyosema.

Mugeuze pia kiatu muangalie chini. Uzi unatakiwa kulala ndani ya mfereji mdogo uliokatwa kwenye soli. Ukikaa wazi juu, changarawe inaukata kwa wiki chache. Na soli yenyewe muibonyeze kwa kidole gumba, muikunje. Mpira mzuri unakunjika na kurudi. Plastiki ngumu inabaki na mstari mweupe pale ilipokunjwa, na ndipo itakapopasuka. Kuna soli nyingine nyepesi sana kama sifongo. Zikikaa dukani au kwenye balo miaka mingi zinaoza zenyewe, hata bila kuvaliwa. Ukibonyeza ukucha ikabaki shimo au ikatoa unga, mukiache kile kiatu.

Jambo la pili ni ngozi. Viatu vyetu vya mwaka jana vilikuwa kitambaa kilichopakwa plastiki nyeusi. Ile plastiki ilipasuka palepale pa kukunjika, kitambaa kikanywa maji, kikachanika. Ngozi ya kweli inajulikana kwenye ukingo uliokatwa: muangalie pale juu penye matundu ya kamba, au chini ya ulimi wa kiatu. Ngozi inaonekana kama nyuzi nyuzi zilizoshikana toka juu mpaka chini. Ile ya uongo inaonyesha tabaka mbili, ngozi nyembamba ya plastiki juu na kitambaa chini. Kisha mubonyeze kidole kutoka ndani. Ngozi nzuri inaleta mikunjo midogo midogo mingi, na ukiachia inapotea. Plastiki inaleta mkunjo mmoja mkubwa, au haikunjiki kabisa.

Lakini muwe macho. Kuna ngozi ya kweli iliyo dhaifu. Ni ile ya tabaka la chini la ngozi ya ng'ombe, iliyochanwa na kupakwa rangi nzito ili ifanane na ya juu. Ukingo wake utaonyesha nyuzi kweli, ila juu ni rangi nene. Mukiikunja kwa nguvu, ile rangi inapasuka kama udongo mkavu. Kiatu cha ngozi iliyo na mikwaruzo midogo na vitundu vya asili mara nyingi ni kizuri kuliko kile kinachong'aa kama kioo.

Jambo la tatu ni kipimo, na hapa wazazi wengi tunakosea juu ya kutaka kuokoa feza. Tunanunua namba mbili au tatu zaidi, tunasema atakua. Kiatu kina mahali pake pa kukunjika. Mguu ukiwa mfupi sana ndani yake, vidole vinakunjika mahali pengine, na kiatu kinavunjika katikati. Kisigino kinateleza, kinaleta malengelenge, mtoto anaamua kukanyaga nyuma ya kiatu kama kambambili, na hapo kimekwisha.

Tutawaambia namna tulivyofanya kwa mtoto mmoja wa miaka 10, wa mama mwanachama. Mtoto hakuweza kuja soko. Tulimsimamisha juu ya karatasi ya kaye jioni, baada ya kutembea, juu mguu unavimba kidogo kutwa nzima. Alisimama kwa uzito wake wote, tukachora miguu yote miwili. Wa kushoto ulipimwa sentimeta 20,8, wa kuume 21,1. Tunafuata mrefu. Tukaongeza sentimeta 1,2 ya kutembea na ya kukua, ikawa 22,3, tukakata kijiti cha urefu huo. Kule soko, kijiti kinalazwa ndani ya kiatu toka kisigino mpaka ncha. Kikiingia kimelala bila kukunjika, urefu unafaa. Kikibakiza nafasi kubwa kuliko upana wa kidole kidogo, kiatu ni kikubwa mno.

Wanaotaka kujua namba: kwa namba zetu hizi za Kifaransa, 30 ni sentimeta 20 ndani, 33 ni 22, na 36 ni 24. Mtoto huyu alihitaji 34. Lakini viwanda havilingani, kwa hiyo muamini kijiti kuliko namba iliyoandikwa.

Ile karatasi tuliibeba pia. Watoto wetu waliokua wakitembea miguu mitupu wako na vidole vilivyopanuka. Mukiweka kiatu juu ya mchoro na mguu unatokeza sana pembeni, kitambana hata kama urefu unafaa. Mufinye pia kisigino cha kiatu kwa vidole viwili: kiwe kigumu, kisibonyee. Na kiwe cha kufunga kamba, siyo cha kuchomeka. Kamba inakaza kiatu leo na kukilegeza mwezi wa pili mguu ukikua.

Kiatu alichopata yule mtoto kilikuwa cha balo, vile wale wa Tanzania tunaita mitumba. Kilikuwa cha ngozi, kimeshonwa, ila kisigino kimelika upande mmoja. Mama alilipa franka 30 000, kisha 6 000 kwa fundi aliyeweka kipande cha mpira wa tairi kwenye kisigino na kurudia mshono wa mbele kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Jumla 36 000. Vile vya gundi vya mwaka jana vilikuwa 18 000, na wazazi wengi walinunua mara mbili kabla ya Pasaka. Feza ni ileile. Cha huyu mtoto kilifika mwezi wa sita.

Hatusemi kiatu kilichoshonwa hakina ubaya. Matundu ya uzi yanapitisha maji. Mtoto akifika mtoni avue, avuke miguu mitupu, avae ng'ambo. Kikilowa, kijazwe karatasi au majani makavu, kikauke kivulini. Musikiweke karibu na moto, juu ngozi inakauka na kupasuka, na gundi inayeyuka. Jumamosi kifutwe udongo na kupakwa mafuta kidogo. Na mshono mmoja ukikatika, kiende kwa fundi wiki hiyohiyo. Mshono mmoja ni kazi ndogo, soli nzima ni kiatu kipya.

Sasa ombi letu. Mwaka huu kisanduku hakiwezi kununua viatu vizuri 24. Kinaweza kulipa nusu. Tunapendekeza kisanduku kilipe nusu na mzazi nusu, tuanze na watoto wanaotembea zaidi ya kilometa 4, na wanachama wawili waende soko pamoja na fundi. Kila mzazi alete kijiti chenye jina la mtoto na karatasi ya mguu kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane. Asiye na rula, aje kwetu tutampimia. Na yule msichana aliyekaa nyumbani wiki tatu, tunaomba mkutano ukubali kijiti chake kiwe cha kwanza.

Anayetaka kupinga, nafasi iko wazi.