Kutunga Swali la Takwimu kwa Jedwali la Mahindi na Mbolea: Hitimisho Linalokubalika na Lisilokubalika

Mada ya semina kwa walimu wa biolojia wa shule za sekondari, Kamina, Haut-Lomami

1. Swali la takwimu na kazi yake

Swali la takwimu humpa mwanafunzi namba ambazo hajawahi kuziona, kisha humtaka aseme namba hizo zinaonyesha nini na zinakomea wapi. Jedwali la ukuaji wa mimea iliyotiwa mbolea mbalimbali hutumiwa mara nyingi kwa kazi hii, kwa sababu kila mtoto wa Kamina ameona mahindi yakikua na wengi wamewahi kulima. Lakini mazoea hayo yana hatari yake. Mwanafunzi anayejua kwamba mbolea hukuza mimea anaweza kuandika hitimisho zuri bila kulitazama jedwali hata mara moja, na hapo swali linakuwa limepima kumbukumbu tu.

Kwa hiyo mtungaji huanzia mwisho. Kwanza huandika mahitimisho anayotaka mwanafunzi ayafikie, pamoja na hitimisho moja linalovutia ambalo takwimu haziliungi mkono. Kisha hupanga jaribio na jedwali litakalobeba mahitimisho hayo. Maswali yenyewe huandikwa mwisho.

2. Kupanga jaribio lililo nyuma ya jedwali

Mstari wa kwanza wa jedwali ni wa mimea isiyotiwa mbolea. Bila mstari huo hakuna anayeweza kusema mbolea yoyote imeongeza kitu, kwa kuwa haijulikani mahindi yangefika wapi yenyewe. Katika shamba la Broadbalk, kituo cha Rothamsted huko Uingereza, ngano imelimwa kwa majaribio ya mbolea tangu 1843, na sehemu moja ya shamba hilo haijatiwa mbolea muda wote huo. Thamani ya mbolea nyingine zote za pale hupimwa kwa kulinganishwa na sehemu hiyo.

Jambo la pili ni kipimo, na hapa ndipo majedwali mengi ya shule yanapoharibika. Mtungaji huandika kwamba kila mmea ulipewa gramu 10 za mbolea, akidhani ametenda haki. Urea ina naitrojeni asilimia 46, ilhali NPK 17-17-17 ina asilimia 17. Gramu 10 za urea zinabeba gramu 4.6 za naitrojeni. Gramu 10 za NPK zinabeba gramu 1.7 tu. Urea ikishinda, haijulikani kama imeshinda kwa aina yake au kwa wingi wa naitrojeni. Vigeu viwili vimebadilika pamoja, na hakuna hitimisho halali kuhusu aina ya mbolea.

Dawa yake ni kusawazisha naitrojeni. Tuseme kila mmea upate gramu 1.5 za naitrojeni. Kwa urea hizo ni gramu 3.3, yaani 1.5 kugawanya kwa 0.46. Kwa NPK ni gramu 8.8. Kwa samadi kavu ya mbuzi yenye naitrojeni asilimia 1.5 ni gramu 100. Ikumbukwe kwamba samadi huachilia naitrojeni polepole kadiri inavyooza, hivyo mmea hauipati yote katika msimu mmoja. Usawa huo ni wa kiasi kilichotiwa, si wa kiasi kilichofika kwenye mizizi, na maelezo ya swali yaseme hivyo waziwazi.

Mambo mengine yote yabaki sawa: mbegu za aina moja, siku moja ya kupanda, nafasi ya sentimita 75 kwa 25, na mbolea kufukiwa sentimita 5 kutoka kwenye mbegu ili isiiunguze. Sehemu za shamba zigawiwe kwa kura, na kati yao iachwe njia pana, kwa maana mvua za Kamina zinazoanza mwezi wa Oktoba huweza kusomba mbolea kutoka sehemu moja hadi nyingine. Sehemu nne zikipangwa kwa kufuata mteremko, sehemu ya chini hula mbolea ya sehemu za juu.

3. Jedwali

Takwimu zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya mfano huu. Hazikupimwa shambani, na mwanafunzi naye aambiwe hivyo. Kila sehemu ina mimea 10. Namba zilizo kwenye mabano ni za mmea ulio chini kabisa na ulio juu kabisa.

| Mbolea | Urefu, wiki ya 6 (sm) | Punje kavu kwa mmea (g) |
|---|---|---|
| Bila mbolea | 62 (55–70) | 28 (20–36) |
| Samadi ya mbuzi | 84 (73–94) | 51 (42–60) |
| Urea | 103 (92–115) | 47 (38–57) |
| NPK 17-17-17 | 101 (90–113) | 74 (63–86) |

Jedwali hili lina safu mbili za vipimo kwa makusudi. Kama lingekuwa na urefu peke yake, mwanafunzi angesema urea ndiyo ya kwanza na kazi ingeishia hapo. Safu ya punje inavuruga mpangilio huo: urea inayoongoza kwa urefu inashuka hadi nafasi ya tatu. Mwanafunzi analazimika kuamua neno “bora” lina maana ya nini, na kila hitimisho analoandika lazima litaje kipimo anachokizungumzia.

Namba za kwenye mabano nazo zina kazi. Wastani wa punje wa samadi ni gramu 51 na wa urea ni 47, lakini mimea ya samadi imeanzia 42 hadi 60 na ya urea 38 hadi 57. Makundi hayo yameingiliana karibu kabisa. Tofauti ya gramu 4 inaweza kuwa imetokana na mimea yenyewe. Kwa NPK hali ni nyingine: mmea wake dhaifu kabisa ulitoa gramu 63, na mmea bora wa urea ulitoa 57. Makundi hayo hayagusani. Kutazama kama makundi yanagusana ni njia nyepesi inayomtosha mwanafunzi wa sekondari, ingawa haichukui nafasi ya hesabu kamili za takwimu.

4. Maswali na majibu yake

Maswali yapande ngazi, kutoka kusoma hadi kuhukumu, na jibu la swali moja lisiwe ufunguo wa lingine. Mwanafunzi aliyekosea hesabu asinyimwe nafasi ya kutoa hitimisho.

(a) *Taja mbolea iliyotoa wastani mkubwa wa punje.* Alama 1. Jibu ni NPK.

(b) *Kokotoa ongezeko la urefu lililoletwa na urea kwa asilimia, ukilinganisha na mimea isiyotiwa mbolea.* Alama 2. Tofauti ni sentimita 41. 41 kugawanya kwa 62 ni kama asilimia 66. Kosa la kawaida ni kugawanya kwa 103, nalo hutoa asilimia 40. Aliyeonyesha tofauti sahihi apewe alama 1.

(c) *Linganisha mpangilio wa mbolea kwa urefu na mpangilio wake kwa punje.* Alama 2. Jibu litaje kwamba urea na NPK zinakaribiana kwa urefu, lakini kwa punje NPK iko mbali mbele.

(d) *Toa mahitimisho mawili kuhusu mbolea na mavuno ya punje. Thibitisha kila moja kwa takwimu.* Alama 4: kauli 1 na takwimu 1 kwa kila hitimisho, na kauli isiyo na takwimu isipewe alama. Linalokubalika ni kwamba mbolea zote tatu ziliongeza punje, kwa kuwa mmea wa chini kabisa uliotiwa mbolea ulitoa gramu 38 na mmea bora usiotiwa ulitoa 36. Linalokubalika pia ni kwamba NPK ilitoa punje nyingi kuliko urea ijapokuwa naitrojeni ilikuwa sawa. Anayeandika “NPK ni mbolea bora” na kuishia hapo asipewe alama ya kauli, kwa sababu hakusema bora kwa kipimo gani. Anayeandika “NPK ina faida zaidi kwa mkulima” naye asipewe, kwa kuwa jedwali halina bei.

(e) *Mkulima mmoja amesoma jedwali na kusema: “Samadi huzalisha mahindi mengi kuliko urea.” Je, takwimu zinamuunga mkono? Eleza.* Alama 3. Wastani unaelekea upande wake (1), lakini makundi yameingiliana (1), hivyo takwimu hazitoshi kuthibitisha wala kukanusha (1). Hili ndilo lile hitimisho linalovutia lisilo na msingi wa kutosha, lililoandikwa tangu mwanzo wa utungaji.

(f) *Mwanafunzi anadhani fosforasi ndiyo iliyoipa NPK ushindi dhidi ya urea. Pendekeza kundi moja la kuongeza kwenye jaribio ili kulipima wazo hilo.* Alama 2. Jibu ni urea pamoja na mbolea ya fosfati pekee, bila potasi (1), naitrojeni ikibaki gramu 1.5 na fosforasi ikiwa sawa na ile ya NPK (1).

Swali (f) linatenganisha hitimisho na maelezo ya sababu. Udongo mwekundu wa Katanga una oksidi nyingi za chuma na alumini zinazoshika fosforasi na kuifanya isipatikane kwa mizizi; mahindi yenye njaa ya fosforasi huonyesha rangi ya zambarau kwenye majani yakiwa machanga. Kwa hiyo wazo la mwanafunzi lina mashiko. Lakini NPK imeleta fosforasi na potasi kwa pamoja, na jedwali haliwezi kusema ni ipi kati yake iliyofanya kazi. “Toa hitimisho” na “pendekeza sababu” ni maagizo mawili tofauti, na mtungaji asiyachanganye katika sentensi moja.

5. Kulijaribu swali kabla ya mtihani

Jaribio la kwanza ni kumpa mwanafunzi maswali huku jedwali limefunikwa. Akiweza kupata alama katika (d), basi swali linajibika kwa mazoea na linahitaji kuandikwa upya. La pili ni kuyaondoa majina ya mbolea na kuweka herufi A hadi C. Majibu ya (c), (d) na (e) yasibadilike kwa maana. Yakibadilika, wanafunzi walikuwa wanajibu kuhusu mbolea wanazozijua, si kuhusu takwimu walizopewa.

Jaribio la tatu linahusu maswali ya kuchagua jibu, ambayo ni mengi katika Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari. Swali (d) hugeuzwa kwa urahisi ikiwa majibu potofu yanatokana na makosa halisi: moja linachanganya urefu na mavuno, jingine linategemea tofauti ndogo ya wastani, jingine linaongeza sababu isiyopimwa. Jibu potofu ambalo hakuna mwanafunzi anayelichagua halina kazi na liondolewe.

Mwongozo wa kusahihisha uorodheshe mahitimisho yanayokubalika pamoja na yale yasiyokubalika, kila moja na sababu yake. Swali ambalo mtungaji wake hawezi kuandika orodha hiyo ya pili lisipelekwe darasani.