Biskuti Mbili, Sukari Ipi?

Mama msikilizaji wa Kapolowe, ukiwa dukani na pakiti mbili za biskuti, zigeuze usome jedwali la lishe. Tuseme kwa kipimo cha kula mara moja, ya kwanza ina gramu 6 za sukari, ya pili gramu 8. Usichague bado. Kipimo cha ya kwanza ni gramu 25, cha ya pili gramu 40. Hamia safu ya gramu 100: ya kwanza 24, ya pili 20. Kumbe ya kwanza ndiyo tamu zaidi! Safu hiyo isipokuwepo, gawa 6 kwa 25, zidisha kwa 100. Na mtoto akimaliza pakiti ya gramu 50 ya biskuti ya kwanza, amekula vipimo viwili: sukari gramu 12.