Mwaka Nilioanguka: Namna ya Kuueleza katika Barua ya Ufadhili

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unafifia.)

Leo tunazungumza nawe unayejaza fomu ya kuomba ufadhili wa masomo, na ndani ya bahasha yako kuna karatasi moja inayokunyima usingizi. Pengine ulirudia darasa, pengine ulianguka somo moja, au kuna muhula mmoja uliopata alama za aibu. Unajiuliza: niseme au ninyamaze?

Sema. Sababu yake ni nyepesi. Watakaosoma maombi yako wana vyeti vyako na ripoti zako mezani. Ufadhili kama DAFI, ambao UNHCR husimamia kwa wakimbizi wanaotaka kusoma chuo katika nchi iliyowapokea, huwa na waombaji wengi kuliko nafasi, na karatasi husomwa kwa makini. Mtu akihesabu miaka yako ya sekondari akakuta mitano mahali pa minne, atauliza mwaka mmoja ulikwenda wapi. Usipomjibu wewe, atajijibu mwenyewe, na jibu lake huenda likawa baya kuliko ukweli wako.

Lakini kuna kusema na kusema. Hebu tuchukue mfano tuliotunga kwa ajili ya somo hili. Kijana Mkongomani anasoma sekondari kambini Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Alirudia kidato cha pili. Barua yake ya kwanza aliiandika hivi:

"Sisi wakimbizi maisha yetu ni magumu sana. Mama aliugua, chakula kilikuwa kidogo, darasa lilijaa na walimu hawakunisaidia. Ndiyo maana nilianguka. Naomba mnihurumie."

Huenda kila neno hapo ni kweli. Hata hivyo, msomaji hajui lilitokea lini, lilidumu muda gani, wala kijana huyu alifanya nini baadaye. Tena karibu kila mwombaji mwingine naye ni mkimbizi, naye alisoma katika darasa lililojaa. Barua inaishia kwenye lawama na huruma. Hapo ndipo sababu hugeuka kuwa kisingizio: inapoishia mikononi mwa watu wengine, bila tendo lolote lako.

Sasa sikiliza barua ya pili ya kijana yuleyule:

"Nilirudia kidato cha pili. Katika muhula wa pili wa 2016 mama yangu alilazwa hospitalini. Mimi ndiye mkubwa kati ya watoto wanne, hivyo nilibaki nyumbani kuwatunza wadogo zangu na nikakosa siku 31 za masomo. Niliporudi shuleni sikumweleza mwalimu hali yangu, na nikaacha kufanya mazoezi ya hisabati. Hilo lilikuwa kosa langu. Nilimaliza mwaka na wastani wa D+, na hisabati nilipata E. Mwaka 2017 nilirudia darasa. Niliomba jirani abaki na wadogo zangu asubuhi, nikajiunga na kikundi cha hisabati kilichokutana na mwalimu mara tatu kwa wiki. Wastani wangu ulifika C mwaka huo, C+ kidato cha tatu, na B- katika mtihani wa KCSE wa 2019. Hisabati nilipata C-. Bado ni somo langu gumu, na bado nasoma na kikundi hicho. Nimeambatanisha ripoti za miaka yote na barua ya mwalimu wa darasa."

Umesikia tofauti? Anguko limeelezwa kwa tarehe na idadi, bila kilio. Sehemu yake mwenyewe ameitaja kwa maneno machache, kisha akaiacha. Na sehemu kubwa ya maelezo inahusu yaliyofuata. Msomaji wa fomu hatafuti mtu ambaye hakuwahi kuanguka. Anataka kujua kama chuoni, siku matatizo yakirudi, mwanafunzi huyu atajua la kufanya. Jirani yule na kikundi kile cha hisabati ndivyo vinavyomjibu.

Angalia pia kwamba hakuficha ile C-. Angeandika kwamba sasa yeye ni hodari wa hisabati, cheti chake kingemkana palepale, na mengine yote aliyoyasema yangetiliwa shaka.

Sasa tuje kwenye ushahidi. Kupona kwako kunaonekana kwenye karatasi kadhaa zinazofuatana, si kwenye alama moja nzuri. Kwa hiyo peleka ripoti ya mwaka mbaya pamoja na zile zilizofuata. Mwombe mwalimu wa darasa barua fupi yenye tarehe, sahihi na muhuri wa shule, na umwombe ataje alichokiona kwa macho yake: siku ulizokosa kwa mujibu wa daftari la mahudhurio, na namna ulivyobadilika. Barua inayosema tu kwamba wewe ni mwanafunzi mwema haisaidii sana.

Je, kama ripoti zako zilipotea ukikimbia vita? Eleza hivyo kwa sentensi moja, kisha uombe shule unayosoma sasa iandike darasa ulilopokelewa na matokeo yako tangu hapo. Usikubali mtu akutengenezee ripoti ya bandia. Ikigundulika, maombi yako yanaweza kufutwa hata kama alama zako halisi zingetosha.

Na kama kilichokuangusha ni jambo la siri, labda ugonjwa au ukatili uliotendewa, huna haja ya kulisimulia lote. Unaweza kuandika: "Nilikuwa na tatizo la kiafya kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani, nami nilipata matibabu." Kisha endelea na yaliyofuata. Kumbuka tu kwamba utakalosema kwenye mahojiano lilingane na ulichoandika.

Tuseme ukweli pia kuhusu mpaka wa barua hii. Kama tangazo linataka C+ nawe una C, maelezo mazuri hayaongezi alama. Tafuta kozi ya cheti au stashahada inayopokea alama yako. Na kama bado hujapona, yaani alama za muhula uliopita ni mbaya kama za kabla yake, usitunge mafanikio. Andika hatua uliyokwisha kuianza na tarehe uliyoianza, au ngoja muhula mmoja ili upate matokeo ya kuonyesha.

Ukimaliza kuandika, msomee rafiki maelezo yako kwa sauti. Akiuliza, "Kwa hiyo kosa lilikuwa la nani?" bado umeandika kisingizio. Akiuliza, "Na sasa unaendeleaje?" umesahau nusu ya pili. Akinyamaza kisha akakuomba umwonyeshe ripoti zenyewe, basi amekuamini kiasi cha kutaka kuona, na bahasha yako iko tayari kupelekwa.



(Muziki wa kufungia.)