Mrabaha au Kodi ya Faida: Nani Abebe Hasara ya Mgodi?

Mada kwa semina ya madiwani na maofisa mipango wa halmashauri zenye migodi

1. Utangulizi



Kila mjadala wa madini nchini mwetu huishia kwenye asilimia. Sheria ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3, ya 2010 ikaufikisha 4, na mabadiliko ya 2017 yakaupandisha hadi 6. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30. Mtu akizisikia namba hizi mbili huona moja ni ndogo na nyingine ni kubwa. Lakini asilimia 6 ni ya mauzo, na asilimia 30 ni ya faida. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anaumia bei ikishuka na nani anashiba ikipanda.

Tuanzie shambani. Mwenye shamba anaweza kumwambia mlimaji: kila magunia 100 utakayovuna, 6 ni yangu. Mlimaji akirudisha gharama za mbolea au asirudishe, magunia 6 yanatoka. Huo ni mrabaha. Au anaweza kusema: toa kwanza gharama ya trekta, mbegu na vibarua, kitakachobaki tugawane. Hiyo ni kodi ya faida. Katika makubaliano ya pili mwenye shamba amekuwa mbia, na mwaka wa ukame huambulia patupu.

2. Mfano wa hesabu

Tuchukue mgodi wa kubuni ambao kila wakia ya dhahabu inaugharimu dola 1,000, tukihesabu uchimbaji, uchenjuaji na uchakavu wa mitambo. Serikali inatoza mrabaha wa asilimia 6, kisha asilimia 30 ya faida inayobaki baada ya mrabaha kutolewa.

Bei ikiwa dola 1,500, kuna ziada ya dola 500 kwa wakia. Mrabaha unachukua 90, kodi inachukua 123, na mwekezaji anabaki na 287. Serikali imepata dola 213, kama asilimia 43 ya ziada yote.

Bei ikianguka hadi 1,050, ziada ni dola 50 tu, lakini mrabaha ni 63. Mwekezaji anapata hasara ya dola 13, na kodi ya faida ni sifuri. Serikali imechukua zaidi ya ziada yote iliyokuwepo.

Bei ikipaa hadi 2,500, mrabaha ni 150 na kodi ni 405, jumla dola 555. Fedha zimeongezeka, lakini ziada ni dola 1,500, na fungu la Serikali limeshuka hadi asilimia 37. Mrabaha unabana zaidi siku za njaa na kulegea siku za neema.

Sasa tufute mrabaha, tutoze kodi ya faida peke yake kwa asilimia 42.6, ili kwenye bei ya 1,500 Serikali ipate dola 213 zile zile. Bei ikiwa 1,050, Serikali inapata dola 21 badala ya 63. Bei ikiwa 2,500, inapata 639 badala ya 555. Kwa hiyo dola 42 zinazopotea mwaka mbaya ndizo bei ya kupata 84 zaidi mwaka mzuri. Anayependekeza kodi ya faida awe tayari kuuliza: mwaka mbaya, mishahara ya walimu italipwa na nini?

Mrabaha una athari nyingine isiyoonekana kwenye vitabu vya hesabu. Mbale yenye dhahabu ya dola 1,040 na inayogharimu 1,000 inalipa kuchimbwa bila mrabaha. Ukitoza asilimia 6 hailipi tena, na mwenye mgodi huiacha ardhini au kuimwaga kwenye rundo la mawe taka. Mgodi unafungwa mapema, na huo ni upotevu kwa pande zote mbili.

3. Kwa nini basi tusiachane na mrabaha?

Kwa sababu mauzo yanaonekana, na faida inaandikwa. Dhahabu inapimwa uzito na usafi, bei yake hutangazwa kila siku London, na mrabaha unakokotolewa hapo hapo. Faida husubiri gharama, na gharama zina milango mingi: mkopo wenye riba kubwa kutoka kampuni mama, ada za usimamizi zinazolipwa ng'ambo, vipuri vinavyonunuliwa kwa kampuni dada. Hata bila udanganyifu wowote, mtaji wa kujenga mgodi hutolewa kwanza kwenye mapato, kwa hiyo miaka ya mwanzo kodi ya faida huwa sifuri. Hayo ni kati ya mambo yaliyozua malalamiko yaliyofikisha suala hili kwenye kamati ya Jaji Mark Bomani, iliyotoa ripoti yake 2008.

Norwei inaweza kuegemea faida tupu. Hutoza kampuni za mafuta asilimia 78 ya faida, na kuanzia 2005 ilikuwa ikizirudishia kampuni zilizo kwenye hasara thamani ya kodi ya gharama za utafutaji. Yaani kisima kikikuta maji, sehemu kubwa ya hasara ni ya Serikali. Nchi yenye akiba nene na wakaguzi mahiri inaweza kubeba hivyo.

Zambia ilijaribu upande wa pili. Januari 2015 iliondoa kodi ya faida kwenye uchimbaji na kutegemea mrabaha: asilimia 8 kwa migodi ya chini ya ardhi, 20 kwa migodi ya wazi. Bei ya shaba ilikuwa inashuka. Mgodi wa Lumwana ulikuwa umeshatangaza kusudio la kusimamisha uzalishaji, na kabla mwaka haujaisha Serikali ilirudisha kodi ya faida na kushusha mrabaha wa migodi ya wazi hadi asilimia 9. Mwaka 2016 ikaja na mrabaha unaopanda na kushuka kwa kufuata bei ya shaba.

Kwenye mafuta na gesi, mikataba ya kugawana uzalishaji huchanganya njia zote mbili. Mkataba wetu wa mfano wa 2013 uliweka mrabaha wa asilimia 12.5 nchi kavu na 7.5 kina kirefu baharini, kisha ukazuia gharama zisimeze zaidi ya nusu ya kinachozalishwa. Ukomo huo wa gharama, ingawa hauitwi mrabaha, unafanya kazi kama mrabaha: Serikali inapata kitu tangu mwaka wa kwanza.

4. Maoni ya mtoa mada

Nchi yetu inahitaji vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake. Mrabaha uwe sakafu: wa wastani, na wenye ngazi za bei, ushuke dhahabu ikianguka na upande ikipaa. Kodi ya faida ndiyo ivune neema, lakini itavuna tu pale wakaguzi watakapoweza kusoma mikataba ya mikopo na ankara za vipuri.

Kwenu waheshimiwa, ushuru wa huduma mnaoutoza nao ni wa mauzo, kwa hiyo una tabia za mrabaha: unakuja mapema, nao huyumba pamoja na bei. Msipange bajeti ya mwaka wa bei ndogo kwa makusanyo ya mwaka wa bei kubwa. Tena chukueni ripoti za TEITI, muweke mrabaha na kodi ya mapato ya mgodi wenu sambamba kwa miaka mitano. Mkiona mrabaha unapanda kila mwaka huku kodi ikibaki sifuri, ulizeni gharama zimetoka wapi. Huenda mgodi bado unarudisha mtaji wake kihalali. Basi uonyeshe ni kiasi gani kimebaki na utamaliza lini.